Shilingi 15,000 zilizofika 18,500: hesabu ya safari moja kutoka Malindi hadi Fuoni

Mwezi wa Ramadhani, mama mdogo wangu aliteremka bandarini Malindi huku Unguja na boti ya mchana kutoka Dar. Aliita gari kwa programu ya simu impeleke Fuoni, na skrini ikamwonyesha 15,000. Walipofika mlangoni dereva akamsomea 18,500. Mama mdogo akampa 15,000, akamwambia, "Mwanangu, hizi ndizo tulizopatana," akaingia ndani na mizigo yake. Dereva hakuzozana naye, kwani futari ilishakaribia. Aliandika tu kwenye programu kuwa abiria kalipa pungufu. Asubuhi yake akaunti ya mama mdogo ikawa na deni la 3,500, na kila alipojaribu kuita gari jingine akaambiwa alipe kwanza.

Nyumbani kila mtu alikuwa na yake. Mmoja alisema dereva kazungusha njia ili kilomita ziongezeke. Mwengine alisema ni foleni ya jioni. Mama mdogo mwenyewe alishikilia kuwa mapatano ni mapatano. Nimeshasaidia madereva na jamaa wengi kusoma risiti za aina hii, nikaomba simu yake. Nilichokuta ni kwamba sababu zote zilizotajwa zimo, pamoja na moja ambayo hakuna aliyeitaja, na kila sababu ina kiasi chake cha shilingi kinachoweza kutengwa.

Nianze na hilo la mapatano, maana ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Ukipanda teksi bandarini kwa njia tuliyoizoea, mnazungumza bei kabla ya mlango kufungwa. Mkisha kukubaliana, foleni ni hasara ya dereva na njia nyeupe ni faida yake. Wewe unalipa kile kile. Kwenye programu za simu mambo ni namna mbili. Ziko zinazoonyesha bei kamili, na bei hiyo haibadiliki mradi hukubadilisha unakokwenda. Ziko zinazoonyesha kadirio, na nauli ya kweli inapatikana safari ikishaisha, kwa kilomita na dakika zilizopimwa. Tofauti hii huwa imeandikwa kwa herufi ndogo karibu na tarakimu. Programu ya mama mdogo ilikuwa ya aina ya pili. Kwa hiyo 15,000 haikuwa ahadi, na hoja ya mapatano, ingawa naielewa vizuri sana, haikuweza kumsaidia. Ikabidi tuingie kwenye hesabu.

Risiti ilivyosema

Viwango vya safari ile vilikuwa hivi: kianzio shilingi 1,500, kila kilomita 700, kila dakika 100, na kizidisho cha wakati wa shughuli nyingi 1.5. Programu nyingine huwa na viwango vyake, na hata hii hii inaweza kuvibadilisha mwezi ujao, kwa hiyo asivichukue mtu kama bei ya Unguja nzima. Namna ya kuviunganisha ndiyo isiyobadilika sana:

```
nauli = (kianzio + km × bei_ya_km + dakika × bei_ya_dakika) × kizidisho
```

Kadirio la mwanzo lilichukulia kilomita 9 na dakika 22. Kianzio 1,500, kilomita 6,300, dakika 2,200; jumla 10,000. Zidisha kwa 1.5 unapata 15,000, ndiyo ile tarakimu aliyoiona mama mdogo pale bandarini.

Risiti ya mwisho ilikuwa na kilomita 9.6 na dakika 41. Kianzio ni kile kile 1,500, kilomita zikawa 6,720 na dakika 4,100. Jumla 12,320, mara 1.5 ni 18,480, programu ikaifikisha kwenye mia iliyo karibu, 18,500.

Kabla ya kwenda mbele kuna jambo nililihakikisha, na ninapendekeza lifanywe kwenye kila risiti yenye mashaka. Kizidisho kinaweza kuwekwa mahali pawili. Kinaweza kuzidisha nauli yote, au kikazidisha kilomita na dakika tu na kukiacha kianzio pembeni. Abiria wengi hawajui programu yao inafanya lipi. Jibu linapatikana kwa kujaribu: kama kianzio kingeachwa nje, nauli ingekuwa 1,500 kujumlisha 10,820 mara 1.5, yaani 17,730. Risiti haikusema hivyo. Ukigawa 18,500 kwa 12,320 unapata 1.50, na hilo linathibitisha mawili kwa mpigo mmoja: kizidisho kimekaa juu ya kila kitu, na programu haikukosea kuzidisha. Kosa, kama lipo, limo ndani ya zile namba zilizoingizwa, yaani kilomita 9.6 au dakika 41.

Kizidisho kukaa juu ya kila kitu kuna athari ambayo watu huisahau. Dakika moja ya foleni haikuwa tena shilingi 100, ilikuwa 150. Kilomita haikuwa 700, ilikuwa 1,050. Mtu akikubali 1.5 anadhani ameongezewa nusu ya bei ya kawaida tu, kumbe ameongezewa pia nusu ya kila kitakachotokea njiani baada ya hapo, ambacho bado hakijulikani.

Kilomita sita ya kumi za ziada

Hapa ndipo dereva alipotuhumiwa, basi nilianza na ramani ya safari. Mstari ulionyesha kwamba hakupita Darajani. Alitoka Malindi akashika Kinazini, akaenda Amani, kisha Mwanakwerekwe na barabara ya Fuoni. Kadirio lilikuwa limechukua njia ya Darajani, ambayo kwa programu ile ilikuwa fupi kwa mita 600.

Mita 600 kwa bei ya safari ile ni shilingi 630. Swali si kama njia ilikuwa ndefu, maana ilikuwa ndefu kweli. Swali ni kama ilimgharimu abiria zaidi. Kilomita 0.6 kwa 700 ni shilingi 420 kabla ya kizidisho, na dakika ni shilingi 100. Njia ndefu inamlipa abiria ikiwa inaokoa zaidi ya dakika nne na kidogo. Kizidisho hakibadilishi kitu kwenye ulinganisho huu kwa sababu kinazidisha pande zote mbili sawasawa.

Sasa anayeijua Darajani saa 11 za jioni mwezi wa Ramadhani atajibu mwenyewe. Watu wanashusha ndizi na mihogo, wengine wanatafuta tende na mikate, daladala zimesimama zikisubiri abiria, na barabara imejaa watu na magari pamoja. Dakika nne zinaisha gari ikiwa haijatembea urefu wa maduka matano. Dereva alichagua vizuri. Nilimwambia mama mdogo hivyo, na zile 630 tukazitoa kwenye madai.

Ningekuwa na wasiwasi lau mstari wa ramani ungejikunja ukarudi ulikopita, au ungeruka kutoka nyumba hadi nyumba bila kufuata barabara. Kurudi ulikopita ni dalili ya kuzungushwa. Kuruka ni dalili kwamba GPS ya simu ya dereva imepoteza mahali, jambo linalotokea Mji Mkongwe ambako majengo marefu yamebanana na vichochoro vyembamba, na kila mruko huhesabiwa kama mwendo. Mstari wa safari hii ulikuwa safi.

Dakika kumi na tisa

Zilizobaki ni dakika. Kadirio lilisema 22, risiti ikasema 41. Dakika 19 kwa 150 ni shilingi 2,850, na hapo ndipo sehemu kubwa ya deni ilipolala.

Risiti ilisema safari ilianza saa 11:16 na kuisha saa 11:57. Nikafungua orodha ya simu zilizopigwa. Saa 11:16 dereva alimpigia mama mdogo kumwambia yuko nje ya geti. Saa 11:23 mama mdogo alimpigia yeye, na anakumbuka alichouliza: keshatoa begi, gari iko upande gani? Anayeuliza gari iko wapi hayumo ndani ya gari. Nikarudi kwenye ramani, nikaona kile nilichokitarajia: nukta ya mwanzo ilikaa palepale Malindi, mstari ukaanza kutembea saa 11:24. Dereva alibonyeza "Anza safari" alipofika getini, dakika nane kabla ya abiria kupanda.

Kwa hiyo zile dakika 19 ni vitu viwili tofauti. Kumi na moja ni foleni ya kweli, na foleni hiyo ina maelezo. Kadirio la dakika 22 lilitolewa saa 11:05, kwa hali ya barabara ya saa 11:05. Gari iliondoka saa 11:24. Katika muda huo mji mzima ulikuwa umeshaanza kurudi nyumbani, na kadirio halikufanywa upya. Dakika 11 kwa 150 ni 1,650, na hizo nadhani ni haki ya dereva. Nane zilizobaki, shilingi 1,200, ni za gari iliyosimama bila abiria.

Hapa mtu angemaliza: mrudishieni 1,200. Mimi sikuridhika, kwa sababu dereva naye alisubiri kweli, na kusubiri kuna bei yake kwenye programu ile ile. Akifika na kubonyeza "Nimefika", dakika tatu za mwanzo ni bure. Baada ya hapo kila dakika ni shilingi 100, bila kizidisho. Dakika nane za kungoja zingempa malipo ya dakika tano, yaani 500. Kwa kubonyeza "Anza safari" mapema, dakika zile zile zilimpa 1,200. Tofauti ni 700.

Nilimpigia dereva, naye alizungumza kwa adabu. Alisema hakufanya kwa ajili ya zile mia saba. Jioni kama ile abiria anaita gari mbili, anapanda itakayotangulia, na nyingine anaifuta. Dereva akishaanza safari kwenye simu, hafutwi kirahisi. Juu ya hayo pale getini askari hawaruhusu gari kukaa. Namwamini. Nimesikia sababu hiyo kwa madereva wengi, na hasara ya kufutwa baada ya kupambana na foleni hadi bandarini si ndogo. Lakini kinga yake hiyo imelipwa na abiria bila kuulizwa, tena kwa bei iliyozidishwa, na mama mdogo hakuwa ameita gari ya pili.

Nauli iliyo sawa, basi, ni hii. Kilomita 9.6 na dakika 33 za safari: 1,500 na 6,720 na 3,300, jumla 11,520, mara 1.5 ni 17,280. Ongeza 500 za kungoja, unapata 17,780, yaani 17,800. Mama mdogo alilipa 15,000. Alikuwa anadaiwa 2,800 kwa haki, na 700 bila haki.

Madai yalivyoandikwa

Jaribio lake la kwanza, kabla sijashika simu, lilikuwa kuandika kwenye sehemu ya msaada kwamba ameongezewa 3,500. Alijibiwa baada ya muda mfupi kwamba nauli imehesabiwa kwa umbali na muda halisi. Jibu hilo, ukiliangalia, lilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa. Anayepokea lalamiko anaangalia kilomita, dakika na kizidisho, anazidisha, anaona inalingana, anafunga.

Tulipoandika tena hatukugusa bei wala kizidisho. Tuliandika kwamba muda wa kuanza safari si sahihi: umerekodiwa 11:16, abiria amepanda 11:24, ramani inaonyesha gari haikutembea kati ya muda huo, na picha ya orodha ya simu tumeiambatisha. Tukaomba dakika nane zihamishwe kutoka safari kwenda kungoja. Siku ya pili deni likashuka kutoka 3,500 hadi 2,800, na mama mdogo akamtumia dereva kwa simu siku hiyo hiyo. Kwa maneno mengine kilichosaidia ni kudai 700 yenye ushahidi badala ya 3,500 yenye hasira.

Kuna waliotushauri tupeleke suala LATRA. Mamlaka hiyo inasimamia usafiri wa ardhini Tanzania Bara. Safari ya Malindi hadi Fuoni haimo katika eneo lake. Kwa nauli ya programu huku Unguja, mlango wa kwanza ni sehemu ya msaada ndani ya programu yenyewe, na madai yanakuwa na nguvu zaidi yakitumwa mapema, ramani ya safari ikiwa bado inafunguka.

Pesa kubwa ambayo hakuna aliyeigombania

Ugomvi wote ulikuwa juu ya 3,500. Lakini katika ile 17,280 ya safari yenyewe, kizidisho peke yake ni 5,760. Hicho ndicho kipande kikubwa kilichoweza kupunguzwa, na hakikupunguzwa kwa kulalamika baadaye, kwa sababu mama mdogo alikikubali alipobonyeza "Thibitisha".

Kizidisho kinapanda pale maombi ya gari katika eneo dogo yanapozidi magari yaliyo karibu. Boti ikitia nanga Malindi, watu wengi wanatoka kwa pamoja na simu mkononi, wote wamesimama sehemu moja. Kwa dakika kadhaa eneo la geti linawaka. Wakishaondoka, linapoa. Na kizidisho kinachokuhusu ni kile cha wakati ulipoita, si cha wakati ulipopanda. Mama mdogo aliita saa 11:05, akiwa bado kwenye msongamano wa kutoka, wakati begi lake hata halijashushwa. Alishika bei ya kilele, halafu akasubiri mzigo mpaka kilele kikapita.

Najua hivyo kwa sababu jirani yake wa Fuoni alikuwa kwenye boti hiyo hiyo, na risiti zao nilizilinganisha. Yeye alichukua mzigo wake kwanza, akatoka geti, akaita gari saa 11:32 akiwa hapo hapo Malindi, kwa programu hiyo hiyo. Kizidisho kilikuwa 1.2. Gari yake ilipita njia ile ile ya Kinazini, kilomita 9.6, na kwa kuwa foleni ilishaongezeka alitumia dakika 36, tatu zaidi ya mama mdogo. Kianzio 1,500, kilomita 6,720, dakika 3,600, jumla 11,820, mara 1.2 ni 14,184. Alilipa 14,200. Alikaa njiani zaidi, akalipa pungufu kwa zaidi ya shilingi 3,000, na alifika kabla ya adhana.

Nafasi hiyo ilikuwa nyembamba, na mtu asidhani kwamba ukingoja sana ndiyo bei inazidi kushuka. Shemeji yangu alijaribu kuita gari kutoka Darajani saa 12:10, akaonyeshwa 1.7, na hata hivyo hakupata. Wakati huo abiria hawakuwa wengi kama boti iliposhusha. Kilichokosekana ni magari: madereva walikuwa wamezima programu wanakwenda kufuturu. Kwa programu hali hizi mbili zinafanana, maana inaangalia uwiano tu wa maombi na magari, lakini kwa abiria hazifanani. Kizidisho cha boti kinaisha chenyewe baada ya robo saa au nusu saa, na anayeweza kukaa akangoja mzigo atangoja. Kizidisho cha futari hakishuki mpaka madereva warudi barabarani baada ya Magharibi, na aliyekosa gari wakati huo afadhali atafute tende na maji hapo hapo alipo, kisha aite tena watu wakishaswali.